Asante Iliyotangulia Punguzo

Mbele yangu hapa studioni ninayo kadi moja ndogo, imekunjwa katikati, haizidi kiganja cha mkono. Imetolewa Desemba hii ya 2024 na supamaketi moja ya hapa Dar es Salaam, na makeshia wamekuwa wakiibana pamoja na risiti kila mteja anapomaliza kulipa. Jina la duka naliacha, maana sikuja kulipigia debe. Nakusomea tu maneno yaliyo ndani, kama yalivyo:

"Mpendwa mteja. Mwaka huu wa 2024 umekuja kwetu mara nyingi. Ulikuja mwanzoni mwa mwaka sukari ilipoadimika, tukakuuzia pakiti mbili tu, ukatuelewa. Ulikuja siku umeme ulipokatika na mashine zikazima, ukasubiri kwenye foleni mpaka jenereta ikawashwa. Asante. Sisi wa kaunta, wa bucha, wa bekari na tunaopanga bidhaa usiku, tunakutakia wewe na watu wa nyumbani kwako sikukuu njema na mwaka mpya wenye heri."

Basi, hapo ndani hakuna kingine. Ukiigeuza kadi nyuma, kwa herufi ndogo zaidi, ndipo unakuta habari ya pili: kuanzia tarehe 27 Desemba hadi tarehe 5 Januari, onyesha kadi hii kaunta upate punguzo la asilimia 5 kwa unga, mchele, mafuta ya kula na sabuni. Hakuna kiwango cha chini cha manunuzi.

Leo nataka tuizungumze kadi hii, mbele na nyuma. Msimu huu kila mwenye duka anatushukuru. Simu zinalia kutwa nzima: benki inashukuru, kampuni ya simu inashukuru, duka la viatu uliloingia mara moja tu mwezi wa sita nalo linashukuru. Na karibu zote zinashukuru kwa mtindo uleule. Neno asante linakaa mwanzoni kama mlinzi wa getini, linakufungulia mlango haraka haraka, halafu unaingizwa moja kwa moja kwenye ofa. Kadi hii haikufanya hivyo. Kwa nini tunaiamini yenyewe na zile nyingine tunazifuta kabla hatujazimaliza?

Tuanze na sukari. Wengi mnakumbuka mwanzo wa mwaka ulivyokuwa. Mvua kubwa za El Nino zilijaza maji mashambani, miwa ikashindwa kuvunwa, viwanda vikazalisha chini ya kawaida, na sukari ikapanda bei kiasi kwamba Serikali iliingilia kati kwa kutangaza bei elekezi. Dukani ilikuwa ukikuta pakiti unashukuru Mungu. Sasa duka linalokumbusha jambo hilo kwenye kadi ya sikukuu linafanya kitu kisicho cha kawaida: linakumbusha siku ambayo lenyewe halikukuhudumia vizuri. Ulitaka pakiti tano, ukapewa mbili. Ulitaka kulipa uondoke, ukasimama gizani. Ungeweza kugomba, ungeweza kuacha kikapu pale pale ukaenda kwa jirani. Hukufanya hivyo. Hilo ndilo linaloshukuriwa.

Hapo, msikilizaji, ndipo asante inapopata mashiko. Mtu hushukuriwa kwa jambo alilolifanya, hasa jambo lililomgharimu kidogo. Ukiniambia "asante kwa kutuchagua", mimi sijui umeniona nikifanya nini. Pengine sikukuchagua kabisa, ila wewe ndiwe uliye karibu na kituo cha daladala. Lakini ukiniambia "asante ulisubiri jenereta", najua uliniona nimesimama pale, na mtoto mgongoni pengine, na pakiti ya maziwa inaanza kupata joto mkononi.

Jambo la pili ni wanaoshukuru. Kadi nyingi husainiwa na "menejimenti". Hii inasema sisi wa kaunta, wa bucha, wa bekari, na tunaopanga bidhaa usiku. Mteja wa kila wiki anawafahamu watu hawa kwa sura. Anamjua kijana wa bucha anayemkatia nyama bila kumjazia mifupa. Wale wa usiku hawajui, lakini anakuta rafu zimejaa asubuhi. Salamu imetoka kwa watu, imekwenda kwa mtu.

Na jambo la tatu ni lile ambalo halipo. Tafuta popote ndani ya kadi sentensi inayokuomba kitu, huipati. Hakuna "endelea kutuamini", hakuna "tunatarajia kukuona tena", hakuna "waambie na wenzako". Asante imetolewa, ikaachwa.

Sisi tuliolelewa kwa hodi na karibu tunalielewa hili bila kufundishwa. Mgeni akibisha hodi, akakaa, akauliza hali za watoto, akamjulia hali bibi aliyekuwa akiumwa mguu, akasikiliza majibu mpaka mwisho, halafu baadaye akasema ana shida ya nauli, utamsaidia ukiwa nacho. Lakini yule anayesema "hamjambo-watoto-hawajambo-samahani-nikopeshe-elfu-kumi" kwa pumzi moja, unajua salamu yake haikuwa salamu. Maneno ni yaleyale. Kilichokosekana ni nafasi kati ya salamu na shida, na kule kuonyesha kwamba hata kama shida isingekuwepo, angekuja.

Wafanyabiashara wetu wa zamani nao walilijua. Fikiria kalenda ya ukutani. Mwisho wa mwaka, mwenye duka la mtaani, yule tunayemwita Mangi hata kama si Mchaga, au muuza vitambaa wa Kariakoo, anakuita, anachomoa kalenda iliyoviringishwa chini ya meza, anakukabidhi. Haina punguzo. Ina picha ya maua au ya mlima, miezi kumi na miwili, na jina la duka chini. Ni tangazo, tena tangazo litakalokaa sebuleni mwako mwaka mzima, na hakuna asiyejua hivyo. Lakini anampa anayemjua, na akishampa hasemi "basi nunua na mchele". Ndiyo maana watu huzingojea kalenda hizo, na wengine hununa wasipopewa.

Je, hii ni adabu tu, au na biashara ina chake? Kuna jaribio moja la zamani kule Marekani, matokeo yake yalichapishwa mwaka 1976 kwenye jarida la masuala ya masoko, ambalo linagusa hasa suala letu. Duka la vito liliwagawa wateja wake makundi matatu. Kundi la kwanza walipigiwa simu wakashukuriwa kwa kununua dukani hapo, basi. Kundi la pili walipigiwa wakashukuriwa, na papo hapo wakaambiwa kuna mauzo ya punguzo. Kundi la tatu hawakupigiwa kabisa. Baadaye waliangalia nani amerudi kununua. Waliopigiwa walinunua zaidi ya wasiopigiwa, hilo halishangazi. La kushangaza ni kwamba walioshukuriwa tu waliongeza manunuzi kuliko walioshukuriwa na kutangaziwa punguzo. Kundi lililoahidiwa bei ya chini ndilo lililovutika kwa kiasi kidogo kuliko lenzake.

Ukifikiri, si ajabu. Punguzo liliibadilisha asante ikawa kitu kingine. Aliyeshukuriwa tu alikata simu akijisikia kwamba amekumbukwa. Aliyeambiwa na punguzo alikata simu akisema, kumbe walikuwa na bidhaa za kumaliza.

Hata hivyo tusilikweze jaribio hilo kupita uzito wake. Lile lilikuwa duka la vito, na hili letu ni la unga. Mkufu unaweza kuununua mwaka huu au usiununue maisha yako yote, kwa hiyo neno jema linaweza kukusukuma. Unga hauna hiari hiyo. Nyumba ya watu sita itakula ugali wakishukuriwa wasishukuriwe. Kwenye supamaketi swali la mteja ni je, anunue hapa au pale ng'ambo ya barabara, na hapo tofauti ya shilingi mia tano kwenye mafuta ya kula ina sauti kubwa kuliko kadi yoyote. Tena yale yalikuwa mazungumzo ya simu, mtu kwa mtu. Karatasi haina sauti. Asante kwenye karatasi ni lazima ifanye kazi zaidi ili isikike kama ya mtu, na ndiyo maana zile habari za sukari na jenereta ni za lazima.

Sasa twende kwenye simu, kwa sababu huko ndiko salamu nyingi zinakopita siku hizi, na huko ndiko zinakoharibikia. Wengi hawajui kwamba meseji ya kawaida ina kipimo: herufi 160, ukihesabu na nafasi na alama. Anayetuma meseji kwa wateja elfu ishirini analipia kila kipande cha meseji, kwa hiyo kipimo hicho anakijua vizuri sana. Chukua salamu hii: "Mpendwa mteja, asante kwa mwaka huu wote. Tunakutakia wewe na familia yako sikukuu njema na mwaka mpya wenye heri." Nimeihesabu, ni herufi 114. Zinabaki 46 ambazo zimeshalipiwa.

Hizo 46 ndizo zinazoponza. Mtu wa masoko anaziangalia kama viti vitupu kwenye basi lililokwisha kukodiwa. Anaandika: "Punguzo 10% leo hadi kesho. Karibu dukani!" Limeenea, na chenji ya herufi imebaki. Bosi anafurahi, maana kwa gharama ileile amepata salamu na tangazo. Lakini wewe uliyepokea, jicho lako limekwenda wapi? Limekwenda kwenye ile kumi na alama yake ya asilimia. Kati ya maneno mengi ya upole, tarakimu ndiyo inayoonekana kwanza. Salamu ya herufi 114 imefutwa na tarakimu mbili.

Na wapo wanaoharibu kwa upande mwingine, kwa mapambo. Wanaongeza kile kikatuni cha uso unaocheka au cha mti wa Krismasi. Kikatuni hicho hakimo kwenye orodha ya herufi za kawaida za meseji, kwa hiyo kikiingia tu, meseji nzima inabadilishwa mfumo na kipimo kinashuka kutoka 160 hadi 70. Salamu yetu ya herufi 114 inakatika vipande viwili, na gharama inakuwa mara mbili. Hata ile alama ya juu kwenye neno kama ng'ombe, ikinakiliwa kutoka kwenye programu ya kuandikia ikiwa imepinda badala ya kuwa wima, huleta balaa hilohilo. Mwenye duka anaona bili imepanda, anasema mwakani salamu tuzifupishe. Na kinachofupishwa, nakuhakikishia, huwa si punguzo.

Mimi ningemshauri mwenye duka hivi: tuma asante peke yake, na zile herufi 46 ziache zipotee. Kama una punguzo, litume siku nyingine, kwa meseji yake, likiitwa punguzo. Ni gharama ya meseji ya pili, kweli. Ndiyo bei ya kuaminika kwa ile ya kwanza.

Kuna kosa jingine linaloletwa na hizi kadi za pointi. Ukiwa na kadi ya pointi, duka linajua ulichonunua mwaka mzima. Basi wengine hujidai kushukuru kwa takwimu: "Mwaka huu umetumia kwetu shilingi milioni mbili na laki nne." Wanadhani wanakusifu. Lakini fikiria meseji hiyo inaingia kwenye simu iliyo mezani, na mwenzi wako ndiye anayesoma, na siku zote ulikuwa ukimwambia fedha ya matumizi haitoshi. Au inataja nepi na dawa ya vidonda vya tumbo. Duka halina haki ya kutangaza habari za nyumba ya mtu kwa jina la shukrani. Na si adabu peke yake, ni sheria pia: tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa ulizotoa kwa ajili ya pointi si mali ya duka kufanyia lolote linalotaka. Ile kadi ya karatasi haina tatizo hilo. Inasema "ulikuja mara nyingi", haisemi mara ngapi.

Haya, tuigeuze kadi. Punguzo nalo lina namna ya kuithibitisha asante au kuikanusha. Sisemi duka lisitoe punguzo. Ni duka, na Desemba ni Desemba. Nasema tulisome punguzo tukiuliza: linamfaa yule aliyeshukuriwa ndani?

Chukua ofa tunazozizoea: "Punguzo la asilimia 10 kwa manunuzi ya kuanzia shilingi 200,000." Inasikika nono. Lakini mama aliyesimama foleni siku ya jenereta kwa kawaida hununua vitu vya shilingi 60,000. Ili aipate ile asilimia 10, ni lazima aongeze vitu vya 140,000 ambavyo hakuvipangia. Atarudishiwa 20,000, halafu atatoka mlangoni amelipa 180,000 badala ya 60,000. Hapo aliyepewa zawadi ni duka. Kadi yetu inatoa asilimia 5 tu, bila kiwango cha chini. Akinunua unga, mchele, mafuta na sabuni vya 60,000, anaokoa 3,000. Ni ndogo, hata nauli ya bodaboda huenda ikaimaliza, lakini ni yake, na hakuambiwa anunue kingine ndipo aipate. Tena imewekwa kwenye unga na mafuta, vitu anavyonunua kweli. Ingewekwa kwenye chokoleti na manukato ya zawadi, tungejua ni mzigo uliokosa wanunuzi.

Kinachobaki ni kuhakikisha asilimia 5 ni 5 kweli. Njia ni rahisi: tunza risiti za Novemba. Kama mafuta ya lita tano yalikuwa 30,000 mwezi uliopita, na wiki ya kadi yamepanda hadi 32,000, basi punguzo la 1,600 linakuacha ukilipa 30,400. Umepunguziwa, na umelipa zaidi. Inawezekana bei imepanda kiwandani, mwenye duka hana kosa. Linganisha na duka la pili. Lakini anayepandisha leo ili ashushe kesho anampotosha mnunuzi, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Nimezipitia risiti zangu za duka hili: unga na mchele havikuguswa, mafuta yako palepale. Kwa hilo nawapa haki yao.

Ila tarehe nina ugomvi nazo. Tarehe 27 Desemba hadi 5 Januari. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema ili watu wapate chochote cha sikukuu. Ikifika tarehe 27 fedha hiyo imeshaondoka: nauli ya kwenda Moshi au Bukoba, nguo za watoto, mchango wa harusi ya binamu. Na waliosafiri wengi hawajarudi. Kisha inakuja Januari yenye sare, madaftari na kodi ya nyumba, na mshahara uko mbali. Punguzo la unga lingehitajika kati ya tarehe 10 na 31 Januari, siku watu wanapopima unga kwa kikombe. Limewekwa siku ambazo wenye kadi wengi ama hawapo mjini, ama hawana cha kununulia.

Pengine ni ratiba tu ya ofisini, wala si hila. Lakini aliyeandika ndani ya kadi alimjua mteja wake vizuri, alijua alisimama wapi na kwa nini. Aliyepanga tarehe za nyuma hakumjua. Kama mwenye duka ananisikiliza, bado kuna muda: bandikeni tangazo kaunta kwamba kadi hii inakubalika hadi tarehe 31 Januari. Asilimia 5 ile ile, unga ule ule. Itawagharimu kiasi, na mteja wa mwezi wa kwanza ataona kwamba nyuma ya kadi na ndani yake vimeandikwa na mtu mmoja.

Nawe msikilizaji, ukiletewa salamu ya duka msimu huu, funika punguzo kwa kidole, usome kilichobaki. Kikisimama chenyewe, umeshukuriwa. Kisiposimama, umetangaziwa, na tangazo tunalijua namna ya kulisoma: kwa risiti ya mwezi uliopita mkononi. Nakutakia sikukuu njema, wewe na watu wa nyumbani kwako.